Pale Mizizi Miwili Inapokutana: Mlinganyo wa Daraja la Tatu katika Mfereji wa Taveta

Taveta ni nchi ya mifereji. Maji ya Mlima Kilimanjaro hupenya chini ya miamba na kuibuka upande wa Kenya katika chemchemi kama Njoro Kubwa, na Mto Lumi huteremka kutoka mlima huohuo hadi Ziwa Jipe. Migomba na mboga za Taveta hunywa maji hayo. Kuelekea mashariki, Voi, hali ni nyingine kabisa: Mto Voi hushuka kutoka milima ya Taita, hukauka kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha siku moja hujaa ghafla na kufunika barabara. Kwa hiyo kaunti moja ina maswali mawili yanayofanana. Wa Taveta huuliza: mfereji huu unapitisha lita ngapi kwa sekunde, ili tugawane kwa haki? Wa Voi huuliza: maji yanayopita juu ya hii drifti ni ya kina gani, na yanakwenda kasi gani?

Maswali yote mawili huishia kwenye zoezi ambalo mwanafunzi hulijua kwa sura nyingine: tafuta thamani ya kigezo ambayo itaufanya mlinganyo wa daraja la tatu uwe na mzizi unaojirudia. Kwenye daftari zoezi hilo huonekana kama mchezo wa herufi. Kwenye mfereji, mzizi unaojirudia ni kina cha maji unachoweza kukipima kwa rula.

Tuanze na mlinganyo wenyewe. Chukua mfereji wa saruji wenye kuta wima na sakafu bapa. Kina cha maji ni y, na kila mita moja ya upana inapitisha kiasi q cha maji kwa sekunde. Kasi ya maji basi ni q/y. Nishati ya maji, ikipimwa kuanzia sakafu ya mfereji na kuandikwa kama kimo, ina sehemu mbili: kina chenyewe, na kimo ambacho maji yangeruka kama kasi yao ingegeuzwa juu. Ni hesabu aliyoiweka wazi mhandisi Mrusi Boris Bakhmeteff mnamo 1912:

E = y + q²/(2g y²)

Hapa g ni 9.81, mvutano wa dunia. Zidisha pande zote kwa y², panga upya, na kwa ufupi iite q²/(2g) kwa herufi c. Unapata:

y³ − E y² + c = 0

Huu ni mlinganyo wa daraja la tatu katika y, na c ndicho kigezo. Mfereji ukiwa na nishati E iliyopangwa, kila thamani ya c, yaani kila kiasi cha maji, huleta mlinganyo wake. Una mizizi mitatu. Mmoja huwa hasi daima maadamu maji yanapita, na kina hasi hakipo duniani, kwa hiyo tunauweka kando. Miwili iliyobaki ndiyo yenye maana. Maji yakiwa machache, mizizi hiyo miwili ni chanya na iko mbalimbali: kina kikubwa chenye mwendo wa polepole, na kina kidogo chenye mwendo wa kasi. Nishati ni ileile na kiasi cha maji ni kilekile, ila yanaweza kupita kwa namna mbili. Ongeza maji, na mizizi hiyo husogeleana. Ongeza zaidi kidogo, hukutana. Ukipita hapo hakuna mzizi chanya wowote: kwa nishati hiyo, maji hayo hayawezi kupita. Mzizi unaojirudia ni mpaka kati ya njia mbili na kutokuwepo kwa njia.

Kuutafuta mpaka huo hakuhitaji kuutatua mlinganyo, na hapa ndipo wengi hupoteza muda. Huandika kanuni ndefu ya Cardano, iliyochapishwa 1545, wakajikuta ndani ya vipeuo vya tatu na namba changamano. Hayo yote hayatakiwi. Mahali ambapo mzizi unajirudia, grafu haikati mstari wa sifuri. Inaugusa tu kisha inageuka. Kwa hiyo mambo mawili ni kweli kwa wakati mmoja: thamani ya f(y) ni sifuri, na mteremko wa grafu ni sifuri pia. Masharti mawili, na vitu viwili visivyojulikana: mzizi na kigezo. Hiyo inatosha.

Kwa mlinganyo wetu, mteremko ni 3y² − 2Ey. Uwe sifuri: y(3y − 2E) = 0. Ama y = 0, ama y = 2E/3. Sasa rudisha kila jibu katika mlinganyo wa kwanza ili c ijitokeze. Kwa y = 2E/3, tunapata c = 4E³/27. Kwa y = 0, tunapata c = 0.

Jibu hilo la pili ndilo linalopotea katika daftari nyingi. Mwanafunzi huona y pande zote mbili, hugawanya kwa y, na hubaki na jibu moja. Hata hivyo c = 0 ni jibu halali, tena lina maana kwa mtu wa mfereji: ni siku ambayo lango limefungwa. Mlinganyo unakuwa y²(y − E) = 0, na mizizi yake ni 0, 0 na E. Maji yamesimama yakiwa na kina E, hakuna kinachopita. Ukigawanya kwa herufi bila kuuliza kwanza kama inaweza kuwa sifuri, umelifuta lango lililofungwa kutoka kwenye hesabu yako. Baadaye utaamua kwamba si jibu unalolihitaji, na hiyo ni haki yako, lakini uamuzi huo ni wa mtu anayejua mfereji, haufanywi na kalamu iliyoteleza.

Ziko njia nyingine mbili zinazofika palepale. Ya kwanza ni kulinganisha vizigeu: andika mlinganyo kama (y − a)²(y − b), ufungue mabano, na ulinganishe na ule wa awali. Kizigeu cha y hakipo kwetu, kwa hiyo a² + 2ab = 0, na kutoka hapo ama a = 0 ama b = −a/2. Jumla ya mizizi, 2a + b, lazima iwe E. Kwa hiyo a ni 2E/3 na b ni −E/3. Faida ya njia hii ni kwamba inakupa mzizi wa tatu bure, na kwa huo unaweza kujihakikishia. Ya pili ni kibainishi, ile namba inayotokana na vizigeu na kuwa sifuri pale tu mizizi inapojirudia. Kwa mlinganyo wetu kibainishi ni c(4E³ − 27c). Majibu yote mawili yamesimama hapo wazi, hata lile la lango lililofungwa. Mimi hupenda kibainishi kwa sababu hiyo: hakimwachi mtu kusahau. Ubaya wake ni kwamba kanuni yake kamili ina vipande vitano, na kosa la alama moja tu ya kutoa huharibu kila kitu, hali njia ya mteremko hujisahihisha njiani.

Si ajabu kwamba mlinganyo huu hasa una historia. Katika karne ya 12, Sharaf al-Din al-Tusi, mwanahisabati wa Khorasan, aliandika kitabu juu ya milinganyo ya daraja la tatu, na akatenga aina tano ambazo huenda zisiwe na jibu chanya. Moja ya hizo tano ni ya mlinganyo huu wetu, bila maji yake. Aliupanga kama y²(E − y) = c kwa maneno ya wakati wake, akaonyesha kwamba upande wa kushoto hufikia ukubwa wa mwisho pale y inapokuwa theluthi mbili za E, na kwamba ukubwa huo ni 4E³/27. Namba iliyotolewa ikizidi hapo, hakuna jibu. Ikiwa sawa, jibu ni moja. Ikipungua, ni mawili. Wanahistoria hawajaafikiana aliifikiaje ile theluthi mbili. Kilicho wazi ni kwamba al-Tusi hakulichukulia swali hili kama la kutafuta jibu. Kwake lilikuwa la kujua majibu ni mangapi, na huko ndiko kulielewa sawasawa.

Sasa tuweke namba. Tuseme mfereji una upana wa mita 1.2, na juu ya kizingiti kipana cha saruji kilichojengwa kukatiza sakafu yake, nishati ya maji ni mita 0.30. Mzizi unaojirudia ni theluthi mbili za 0.30, yaani mita 0.20. Kigezo c ni 4 × 0.027 / 27, yaani 0.004. Mzizi wa tatu ni −0.10. Hakiki: jumla ya 0.20, 0.20 na −0.10 ni 0.30, sawa na E. Kutoka c tunapata q: q² = 2 × 9.81 × 0.004 = 0.07848, na q ni takribani 0.28. Zidisha kwa upana wa 1.2, na mfereji unapitisha mita za ujazo 0.336 kwa sekunde, yaani lita 336. Huo ndio upimaji wenyewe. Kizingiti kilichojengwa vizuri huyalazimisha maji yafike kwenye mzizi unaojirudia, na kwa kuwa hapo kigezo kinajulikana, kiasi cha maji kinajulikana kwa kupima kimo kimoja tu. Wahandisi huiandika kanuni hiyo kama q = 1.705 × E^1.5, na ile 1.705 haikutoka maabara. Ni theluthi mbili ya al-Tusi iliyopandishwa kwenye kipeo cha 1.5, ikazidishwa kwa kipeuo cha pili cha mvutano wa dunia. Maabara huingia baadaye, kwa kuwa msuguano na kingo kali hupunguza namba hiyo, na kila umbo la kizingiti lina punguzo lake.

Mtu angedhani basi rula isimamishwe palepale juu ya kizingiti, pale kina ni 0.20. Hapana, na sababu yake iko ndani ya hesabu. Punguza c kidogo, kutoka 0.0040 hadi 0.0039, huku E ikibaki 0.30. Kwa maji hayo ni pungufu ya asilimia moja na kidogo. Utatue mlinganyo upya: mizizi chanya sasa ni takribani 0.218 na 0.181. Maji yamebadilika kwa asilimia moja, kina kimeruka kwa asilimia tisa, na kimeruka pande zote mbili, juu na chini. Grafu inapougusa mstari wa sifuri huwa karibu bapa, kwa hiyo kuisogeza wima kidogo tu huusogeza mzizi mbali kwa ulalo. Kwa lugha ya hesabu, badiliko la mzizi hufuata kipeuo cha pili cha badiliko la kigezo, na kipeuo cha pili cha namba ndogo ni kikubwa kuliko namba yenyewe.

Unaweza kuliona kwa macho. Maji yaliyo karibu na kina hicho hayatulii; uso wake hupanda na kushuka kwa mawimbi mafupi, kwa kuwa kina tofauti kidogo hugharimu nishati karibu sawa. Ukisimamisha rula hapo utasoma namba mbili kwa pumzi moja. Kwa hiyo ubao wa kipimo huwekwa upande wa juu wa mfereji, kabla ya kizingiti, mahali ambapo maji ni ya kina, polepole na tulivu, na huko husomwa E wala si y. Ugonjwa huohuo uko kwenye kompyuta na kikokotoo. Ipe mashine mlinganyo wenye mzizi unaojirudia huku c imekatwa kwenye tarakimu ya sita, nayo itakurudishia mizizi miwili iliyotengana kuanzia tarakimu ya pili au ya tatu, au miwili yenye sehemu ya kufikirika ndogo. Mashine haijakosea. Imejibu swali la jirani. Ndiyo maana mzizi unaojirudia hutafutwa kwa masharti mawili ya mteremko. Kujaribu thamani za c moja baada ya nyingine hadi mizizi ionekane kugusana ni kujitafutia taabu.

Liko kosa kubwa zaidi, nalo ni kudhani mzizi unajirudia wakati haujirudii. Chukua mfereji uleule unaopitisha q ya 0.28, na kabla ya kizingiti maji yana kina cha mita 0.60. Nishati yake kutoka sakafuni ni 0.60 + 0.004/0.36, yaani 0.611. Ili juu ya kizingiti ibaki 0.30, kizingiti lazima kiwe na kimo cha mita 0.311. Fundi akikijenga kwa mita 0.20 ili kuokoa saruji, juu yake inabaki nishati ya 0.411, na mlinganyo y³ − 0.411y² + 0.004 = 0 una mizizi miwili chanya iliyo mbalimbali. Maji yanachagua ule mkubwa, takribani 0.384, na kupita bila kufika mpakani. Msomaji wa ubao hajui hayo. Anachukua 0.411, anaipitisha kwenye kanuni ya 1.705, na anapata q ya 0.449. Kwa upana wa 1.2 hiyo ni lita 539 kwa sekunde, hali mfereji unapitisha 336. Wakulima wa chini wanaambiwa maji yao yamekwenda, na hayajaenda popote, hayakuwepo.

Dalili yake ni rahisi kwa anayejua theluthi mbili. Tazama uso wa maji yanapopanda kizingiti. Kama mzizi unajirudia, uso hushuka waziwazi hadi theluthi mbili ya kimo cha nishati; kwa 0.411 ingekuwa 0.274. Ukiona umeshuka kidogo tu, hadi 0.384, kizingiti hicho hakipimi kitu. Hali huwa hivyohivyo maji ya upande wa chini yakipanda na kukizamisha kizingiti: kwa vizingiti vyenye kingo kali, mara kimo cha maji ya chini kikipita takribani theluthi mbili za kimo cha juu, usomaji huanza kudanganya. Majani yaliyoota kwenye mfereji upande wa chini wa kizingiti yanatosha kuleta hilo.

Kwa Voi, hesabu hiyohiyo inatumika kwa bei nyingine. Drifti ya zege iliyoinuliwa kidogo kukatiza mto wa mchanga ni kizingiti kipana. Maji yakiwa yamejikusanya upande wa juu kwa mita 0.90 kutoka uso wa zege, na yakimwagika huru upande wa chini, juu ya zege kina kitakuwa karibu mita 0.60. Dereva huiona hiyo 0.60, huilinganisha na lile bwawa tulivu la 0.90, na hujisemea kwamba pa kupita ndipo penye maji machache. Mita 0.30 zilizopungua hazikupotea: zimegeuka kasi. Mita 0.60 zinakwenda kwa kipeuo cha pili cha 9.81 × 0.60, yaani mita 2.4 kila sekunde, na nguvu hiyo humsukuma mtu na gari kuelekea ukingo wa chini.

Turudi kwenye daftari kwa jambo moja ambalo mfereji haukutuonyesha: kigezo kinapokaa katika sehemu mbili. Chukua x³ − (k + 3)x + (k + 2) = 0. Watu hukimbilia kibainishi, na kibainishi hapa ni kirefu. Jaribu kwanza x = 1: inatoshea kwa kila k. Basi mlinganyo ni (x − 1)(x² + x − k − 2) = 0. Mizizi miwili ya ile sehemu ya daraja la pili hukutana k inapokuwa −9/4, na wengi huishia hapo. Imesahaulika njia ya pili ya kujirudia: mmoja wa hiyo miwili kukutana na ule 1 wa nje. Hilo hutokea k = 0, na mlinganyo unakuwa (x − 1)²(x + 2) = 0. Ukiutenga mzizi mmoja, usiuache nje ya hesabu ya wanaoweza kukutana. Kuhusu mizizi yote mitatu kukutana, masharti huongezeka hadi matatu, na kigezo kimoja kwa kawaida hakitoshi kuyatimiza. Katika mlinganyo wa mfereji hilo lingetaka E na c ziwe sifuri zote mbili, yaani mfereji mkavu.

Mpaka wa haya yote ni umbo la mfereji. Mifereji mingi ya udongo haina kuta wima. Ina kingo zilizolala. Eneo la maji linakuwa y(b + zy), ambapo b ni upana wa sakafu na z ni kulala kwa kingo, na mlinganyo wa nishati hupanda hadi daraja la tano. Kibainishi chake hakifai kwa kalamu, wala kulinganisha vizigeu. Njia ya mteremko peke yake inaendelea bila kubadilika: f ni sifuri, mteremko ni sifuri. Kwa Q yote ya mfereji, eneo A na upana T wa uso wa maji, masharti hayo mawili huungana kuwa Q²T = gA³, nayo hutatuliwa kwa kukisia na kusahihisha. Kwa kizingiti kipana chenye umbo la V, kinachofaa maji machache ya kiangazi, hesabu hurudi kuwa nyepesi: y⁴(E − y) ni namba isiyobadilika, na mizizi hukutana y inapokuwa sehemu nne kati ya tano za E. Anayesoma kizingiti cha V kwa kutafuta theluthi mbili atakihukumu kibovu kikiwa kizima.